Barua ya meneja kuhusu mahudhurio, kabla na baada

Ijumaa ya tarehe 11 Oktoba 2024, saa kumi na robo alasiri, meneja wa ghala alinitumia rasimu ya barua pepe. Mimi ni afisa utumishi kwenye kampuni ya usambazaji wa bidhaa za dukani hapa Dar es Salaam, na alitaka niipitie haraka, iende kwa wafanyakazi wote wa ghala, kisha ibandikwe kwenye kundi la WhatsApp. Ilisomeka hivi:

"MAHUDHURIO MABOVU!!! Nimechoka na watu wanaodhani ghala hili ni la baba yao. Watu wanakuja muda wanaotaka, wengine hawaji kabisa na hawasemi. Kuanzia Jumanne, atakayechelewa hata dakika moja nakata siku nzima. Hatubembelezani hapa. Kama kazi imekushinda mlango uko wazi, mtaani vijana wanaoitafuta wamejaa. Na wale wanaojificha nyuma ya ugonjwa kila Jumatatu wajue kwamba tunawajua."

Sikumlaumu. Jumatatu ya wiki ile malori mawili ya mzigo kutoka bandarini yalikuwa yamekaa getini bila kupakuliwa, madereva wanapiga honi, na simu za makao makuu hazikati. Kosa lilikuwepo na alikuwa na haki ya kulisema. Ila nilimwomba aniachie hadi Jumanne, kwa kuwa Jumatatu ilikuwa Siku ya Nyerere na barua ya namna hii ikitumwa Ijumaa jioni watu wanaondoka nayo nyumbani siku tatu nzima. Mpaka warudi, kila mmoja ameshaijibu kichwani mara kumi, na picha yake imeshafika kwa shemeji aliyeko Mwanza.

Swali la kwanza nililomuuliza lilikuwa: Meneja, barua hii unamwandikia nani?

Akasema wote. Nikamwambia ghala lina watu kumi na tisa na tukifungua taarifa ya mashine ya alama za vidole tutaona. Tulifungua. Kumi na wanne walikuwa hawana hata siku moja ya kuchelewa kwa wiki sita zilizopita. Wanne walikuwa wamechelewa mara moja moja, dakika chache. Aliyebaki ni mmoja, karani wa mapokezi, yule anayehesabu mzigo lori linapofika na kusaini hati. Asipokuwepo yeye lori halipakuliwi, ndiyo maana meneja aliona kama ghala zima halipo.

Hapo ndipo ilipo kazi kubwa ya kuandika upya barua ya aina hii, na wengi wanaipita. Wanakimbilia maneno, wanatoa "mlango uko wazi" wanaweka "tafadhali", halafu barua inaenda kwa watu kumi na tisa vilevile. Kumi na wanne wanaowahi watajisikia kutukanwa. Yule mmoja anayehusika ataisoma, atatikisa kichwa, na atajiambia kwamba leo meneja kawapa vidonge vyao wale wavivu. Nimeona hilo kwa macho yangu sehemu nyingine niliyofanya kazi: anayelengwa ndiye aliyekuwa wa kwanza kuandika "pamoja sana mkuu" kwenye kundi.

Kwa hiyo tukaamua karatasi ziwe mbili. Moja ya mtu mmoja, yenye tarehe na saa. Nyingine ya wote, fupi, yenye utaratibu tu.

Kabla ya kuandika ya mtu mmoja nikataka nihakikishe ninachokwenda kumwambia. Taarifa ya mashine ilionyesha hakuwepo kazini siku nne: Jumatatu ya tarehe 9 Septemba, Alhamisi tarehe 19 Septemba, Jumatano tarehe 2 Oktoba na Jumatatu tarehe 7 Oktoba. Meneja alikuwa ameandika "kila Jumatatu", na Jumatatu zilikuwa mbili tu. Hasira ilikuwa imezizidisha. Isitoshe, tarehe 19 kulikuwa na karatasi ya daktari kwenye faili, meneja hakuwahi kuiona kwa sababu iliachwa kwa mhasibu.

Kuchelewa, mashine ilisema mara sita. Nikashuka getini kuangalia daftari la mlinzi. Watu wanaoshika maboksi kutwa vidole vyao vinasuguka, mistari inafifia, na mashine inagoma kuwasoma. Utamwona mtu amesimama pale anafuta kidole kwenye shati, anajaribu cha pili, cha tatu, foleni inarefuka nyuma yake, mwishowe anaingia kazini akisema atarudi baadaye. Daftari la mlinzi lilionyesha mara mbili kati ya zile sita alikuwa ameingia getini kabla ya saa moja na nusu, muda wa kuanza kazi. Kwa hiyo zikabaki nne. Ukimwandikia mtu mara sita na yeye ana shahidi wa mara mbili, mazungumzo yote yatakuwa juu ya zile mbili, na zile nne zitafunikwa.

Ndipo tukakaa na rasimu yake sentensi kwa sentensi.

"Atakayechelewa hata dakika moja nakata siku nzima." Hili meneja hana uwezo wa kulitekeleza, na wafanyakazi wakongwe wanajua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 28, inafunga milango ya kukata mshahara: makato yawe yameruhusiwa na sheria, au na mkataba wa pamoja, au na amri ya mahakama, au mfanyakazi mwenyewe awe amekubali kwa maandishi. Kutomlipa mtu siku ambayo hakufanya kazi wala hakuwa na ruhusa ni jambo jingine, na hata hilo linapita kwenye utaratibu wa mishahara. Lakini kumtoza siku nzima mtu aliyefika saa moja na dakika thelathini na moja akafanya kazi hadi jioni ni faini, na faini ya meneja haina mguu wa kusimamia. Tishio usiloweza kulitimiza linakuondolea heshima mara ya kwanza tu mtu anapochelewa na hakuna kinachotokea.

"Mlango uko wazi." Meneja alisema huo ni msemo tu, kila bosi anausema. Kweli, kwa mdomo. Ikiwa imeandikwa na baadaye yule karani akaachishwa kazi, ataibeba karatasi hiyo hadi Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kuonyesha kwamba uamuzi ulishapita kabla hajaulizwa chochote. Mwajiri anatakiwa awe na sababu halali na awe amefuata utaratibu wa haki, vyote viwili kwa pamoja. Halafu tupime na kosa lenyewe. Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007, zinazungumzia kutokuwepo kazini zaidi ya siku 5 za kazi bila ruhusa wala sababu ya kukubalika zinapotaja utoro unaoweza kumfikisha mtu kwenye kuachishwa. Huyu wetu alikuwa na siku tatu zilizotawanyika. Mlango ulikuwa mbali.

"Wanaojificha nyuma ya ugonjwa." Hii ndiyo iliyoniudhi mimi binafsi. Sheria inampa mfanyakazi siku 126 za ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu, na inampa mwajiri silaha yake pia: asiyeleta cheti cha daktari aliyesajiliwa, mwajiri halazimiki kumlipa. Ukishakuwa na hiyo silaha huna haja ya kejeli. Unadai karatasi, basi. Na kwenye kundi la watu kumi na tisa daima yupo anayemeza dawa kimya kimya, mwenye kliniki yake ya kila mwezi, na ataamini sentensi ile imemlenga yeye.

Meneja alisikiliza, akachukua kompyuta yake, akarudi baada ya chakula na rasimu ya pili. Alikuwa ameruka upande wa pili kabisa. "Habari ndugu yangu, natumaini u mzima pamoja na familia. Wewe ni nguzo ya ghala letu. Nilikuwa naomba, kama itawezekana, tujitahidi kidogo kwenye suala la muda, maana changamoto zipo kwa kila mtu. Nashukuru sana kwa ushirikiano."

Kwa jinsi ninavyoona, hii ni mbaya kuliko ya kwanza. Ya kwanza angalau ilikuwa na kosa ndani yake. Hii ya pili mtu anaweza kuisoma akadhani anapongezwa. "Tujitahidi kidogo" haina kipimo: akifika saa mbili kasorobo badala ya saa mbili na dakika tano, si amejitahidi? Na miezi mitatu baadaye meneja akisema "nilikuonya", karani atauliza lini, na atakuwa mkweli.

Ile "nguzo ya ghala" nilimwambia aitoe. Alikuwa ameiweka kwa nia njema, amesoma mahali kwamba ukosoaji uanze na sifa. Mtu mzima anayepokea barua ya bosi yenye sifa mwanzoni haisomi sifa, anatafuta "lakini" iko wapi. Salamu tuliiacha, kwa sababu kwetu barua inayoingia kwenye shutuma bila hata "habari za kazi" ni tusi kabla haijasomwa. Na hapa kulikuwa na jambo la umri. Karani ni mtu wa miaka hamsini na kitu, meneja hajafika thelathini na tano. Wakikutana asubuhi, meneja ndiye anayetoa shikamoo, na mzee anaitikia marahaba halafu anasubiri maagizo. Meneja aliuliza aandike "Mzee wangu"? Nikasema hapana. Shikamoo ni ya mdomoni na iendelee asubuhi ya kesho kama kawaida. Kwenye karatasi ya kikazi "Ndugu" inatosha, inampa heshima bila kumfanya meneja aonekane mtoto anayemwomba baba yake awahi kazini.

Hii ndiyo iliyotumwa Jumanne tarehe 15, kwake peke yake, na nakala kwangu tu. Jina nimeliondoa.

"Ndugu ……,

Habari za kazi.

Nakuandikia kuhusu mahudhurio yako kuanzia tarehe 1 Septemba hadi tarehe 11 Oktoba 2024. Kumbukumbu zetu zinaonyesha hukuwepo kazini tarehe 9 Septemba, 19 Septemba, 2 Oktoba na 7 Oktoba. Ya tarehe 19 Septemba tunayo karatasi ya daktari, hiyo imekwisha. Kwa siku tatu zilizobaki sina taarifa wala ruhusa yoyote. Pia ulifika baada ya saa 1:30 asubuhi mara nne: tarehe 3 Septemba (saa 1:52), 12 Septemba (saa 1:41), 17 Septemba (saa 2:05) na 25 Septemba (saa 1:49).

Unajua kwamba lori halipakuliwi mpaka wewe uhesabu na kusaini. Tarehe 7 Oktoba malori mawili yalisubiri hadi saa 5 asubuhi, na wapakuaji sita walikaa bila kazi.

Kabla sijaamua lolote nataka kukusikia. Tuonane Alhamisi tarehe 17 Oktoba, saa 8 mchana, ofisini kwangu. Kama kuna tarehe niliyoikosea, njoo na maelezo yake. Kama kuna jambo linalokuzuia kufika kwa wakati, niambie tuone kinachowezekana.

Wakati huohuo, kuanzia kesho nakutaka uwe umefika kabla ya saa 1:30. Ukipata dharura nipigie mimi, au msimamizi wa zamu, kabla ya saa 1:00 asubuhi. Ukiugua, lete karatasi ya daktari siku unayorudi.

Barua hii si onyo. Ila hali hii ikiendelea bila sababu ya kukubalika, nitalipeleka suala hili kwenye utaratibu wa nidhamu wa kampuni, ambao huanza na onyo la maandishi.

Meneja wa Ghala"

Alipoisoma mara ya mwisho kabla ya kuituma alisema, "Dada, unamdekeza huyu." Nikamwambia ahesabu mambo ambayo karani analazimika kuyafanya baada ya kuisoma. Afike Alhamisi saa nane. Awahi saa moja na nusu. Apige simu kabla ya saa moja. Alete karatasi. Kisha ahesabu kwenye ile ya Ijumaa: hakuna hata moja, zaidi ya kuogopa. Alicheka, akasema basi "si onyo" itoke, maana inampa mtu pumzi. Hilo tulivutana kidogo. Mimi nilitaka ibaki kwa sababu onyo lina masharti yake, na ukitoa onyo kabla ya kumsikiliza mtu umeharibu mkutano wa Alhamisi kabla haujafika. Sentensi hiyo ilibaki, naye akaongeza mwenyewe ile ya malori mawili na wapakuaji sita. Ni sentensi nzuri kuliko zote kwenye barua ile. Hakusema "unatuangusha", alionyesha nani alikaa juani akisubiri.

Barua ya watu wote ilikuwa fupi: kazi inaanza saa 1:30, mwenye dharura ampigie msimamizi wa zamu kabla ya saa 1:00, karatasi za daktari ziletwe ofisi ya utumishi na si kwa mhasibu, na ambaye mashine imekataa kidole chake asaini daftari la mlinzi hapohapo. Haikumlaumu mtu.

Mkutano wa Alhamisi ulieleza kwa nini hiyo ya pili ilihitajika. Tarehe 7 karani alikuwa amepiga simu, tena mapema, kwa mwenzake wa upande wa kupakia. Kwake yeye alikuwa ametoa taarifa. Tulitafuta mahali popote tulipowahi kuandika taarifa itolewe kwa nani, hatukupaona. Siku hiyo tuliihesabu kama imeelezwa, kwa sharti kwamba haitajirudia kwa njia hiyo. Tarehe 9 alikuwa kwenye mazishi Handeni, ya mtoto wa baba yake mdogo. Sheria inatoa angalau siku 4 zenye malipo kwa msiba wa mwenza, mzazi, mtoto, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada, binamu hayumo. Meneja aliikata kwenye likizo yake ya mwaka, na mzee aliona ni sawa. Tarehe 2 hakuwa na la kusema. Alikaa kimya, akatazama meza, akasema siku ile hapana, alilala tu. Iliandikwa hivyo kwenye kumbukumbu za kikao, bila ruhusa, bila malipo, naye akasaini.

Kuchelewa kulikuwa na sababu ya kawaida kabisa: alihamia Chanika mwezi Agosti na alikuwa bado anatoka nyumbani saa ileile aliyokuwa akitoka alipoishi Tabata. Meneja hakumpa muda mpya wa kuingia, malori hayangojei. Alimwambia tu kwamba usafiri ni wa kwake kupanga.

Sitasema mambo yalinyooka moja kwa moja. Hadi Desemba alichelewa mara moja, na alipiga simu saa kumi na mbili na dakika hamsini kusema basi limeharibika. Januari akapotea siku nzima bila neno. Safari hii meneja hakuniletea rasimu yenye alama tatu za mshangao. Alinitumia tarehe, jina la msimamizi wa zamu aliyethibitisha kwamba hakupokea simu, na nakala ya barua ya Oktoba, akauliza kama sasa ni wakati wa onyo la maandishi. Ulikuwa wakati wake. Karani aliitwa, akasikilizwa, akapewa onyo na kulisaini bila ubishi. Alichotaka kujua ni kama binti yake anaweza kupiga simu kwa niaba yake siku ambayo yeye hawezi. Tukakubali, mradi iwe kabla ya saa moja.

Jambo moja bado tunabishana, mimi na meneja. Anaona dakika za kuchelewa zingefidiwa jioni, aliyekosa dakika ishirini abaki dakika ishirini. Mimi sipendi, kwa sababu kuna wapakuaji wanaomaliza siku wakiwa hoi na saa za kazi zina ukomo wake kisheria, 9 kwa siku na 45 kwa wiki, bila kuhesabu muda wa ziada. Ameniahidi kuniandikia hoja zake.